Arbuni ya Mpiga Picha: Ni ya Nani Harusi Inapobadilika?

Katika miji yetu ya pwani, haipiti misimu miwili ya harusi illa husikika ugomvi wa namna hii. Mtu amemwajiri mpiga picha, amempa arbuni, na siku imetajwa. Zikisalia siku chache, mwenye harusi atuma habari ya kuwa hamtaki tena. Kisha adai arbuni yake, na mpiga picha akataa kuirudisha. Wa kwanza husema, "Hukunipigia hata picha moja, vipi ule pesa zangu?" Wa pili hujibu, "Siku yangu umeishika miezi mitatu. Vipi niirudishe arbuni nami nimekaa bure?" Na kila mmoja hupata wa kumuunga mkono barazani.

Maneno haya mawili yote yana haki ndani yake, na ndiyo sababu hayamaliziki kwa kelele. Swali lililo chini yake ni moja: ile arbuni ni bei ya kitu gani? Tukilijibu hilo, mengine yatajipanga yenyewe. Hatutaingia katika khitilafu ya maulamaa juu ya kupiga picha kwenyewe. Twasema na wale waliokwisha kukubaliana kupiga, na mkataba wao umekwisha kufungwa.

Natuanze na mpiga picha, tutazame auzacho. Watu wengi hudhani ya kuwa auza picha. Picha ni matokeo, wala hazikuwako siku alipopokea arbuni. Alichokiuza siku ile ni ahadi ya kuwa Jumamosi fulani, tangu alasiri mpaka usiku, yeye na kamera zake watakuwa mahali fulani na si pengine. Mpiga picha mmoja hana illa Jumamosi nne au tano katika mwezi, na za Shaabani, kabla watu hawajafunga, hugombewa na nyumba nyingi. Akiisha kuandika jina lako katika siku hiyo, kila ajaye baadaye humwambia, "Nimeshikwa." Na siku ni bidhaa isiyowekeka. Muuza vitambaa aliyekosa mteja leo atakiuza kitambaa chake kesho, lakini siku iliyopita haiuziki tena, mfano wa samaki aliyekwisha kuharibika.

Kwa hiyo, yule asemaye "hukunipigia hata picha moja" amesema kweli, lakini ametaja kisichokuwa ndicho. Alichokichukua kwa mpiga picha ni nafasi ya kuajiriwa na mtu mwingine. Ikiwa nafasi hiyo imepotea kwa ajili yake, basi amekula kitu, hata asipopata picha. Na ikiwa haikupotea, kwa kuwa siku ilipata mteja mwingine, basi hakula kitu, au amekula kidogo tu. Hapa ndipo lilipo fundo la mas'ala yote, nasi tutalirudia.

Sasa natutazame maulamaa walisema nini. Neno letu "arbuni" tumelipata kwa Waarabu pamoja na khitilafu yake. Imamu Malik katika kitabu chake cha Muwatta amepokea katazo la Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya uuzaji wa arbuni. Kisha akaeleza maana yake kwa mfano wa mtu anunuaye mtumwa, au akodiye mnyama wa kupanda, akatoa dinari au dirhamu kwa sharti ya kuwa akiichukua bidhaa au akimpanda mnyama, pesa zile zitahesabiwa katika bei, na akiacha, zitakuwa za mwenyewe bure. Msomaji na aangalie ya kuwa Imamu Malik ametaja kukodi pamoja na kununua. Basi mas'ala ya mpiga picha si mageni, kwa kuwa naye ni mtu wa kukodiwa.

Juu ya riwaya hii maimamu watatu, Abu Hanifa, Malik na Shafii, wameizuia arbuni ya namna hiyo. Hoja yao ni ya kueleweka: muuzaji hapa apata mali pasina kutoa badali yake, na huko ni kula mali ya mwenzio kwa batili. Imamu Ahmad bin Hanbali yeye ameijuzisha. Aliiona riwaya ile ya katazo kuwa dhaifu, akashika habari ya Nafii bin Abdulharith, aliyenunua kwa Safwan bin Umayya nyumba ya kufanywa gereza katika Makka, kwa ajili ya Sayyidna Umar, kwa sharti ya kuwa Umar akiridhia, uuzaji umetimia, na asiporidhia, Safwan atapata 400. Na katika zama zetu, Majmaa ya Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei cha mwaka 1993, imeijuzisha arbuni maadam muda wa kungojea umewekwa mpaka. Mteja akitimiza, itahesabiwa katika bei, na akirudi nyuma, itakuwa ya muuzaji.

Watu wa pwani yetu wengi ni Mashafii, na huenda mmoja wao akasema, "Basi madhehebu yangu yanipa haki ya kurudishiwa arbuni yangu yote." Natumuombe asiifunge Minhaji ya Nawawi mapema, bali asome na mlango wa ijara. Humo atakuta ya kuwa ijara ni mkataba wenye kufunga pande zote mbili, wala haivunjiki kwa udhuru wa mwajiri peke yake. Nawawi ametaja aliyekodi hamamu kisha akashindwa kupata kuni za kupashia maji, na aliyekodi mnyama wa safari kisha akaugua asiweze kusafiri. Wote wawili ijara yao haikuvunjika. Basi ashikaye mlango wa arbuni ili arudishiwe pesa zake, akauacha mlango wa ijara, achagua katika madhehebu yake lile limfaalo. Lau tungeyafuata yote mawili, huenda mwenye kuvunja mkataba zikiwa zimesalia siku 11 angejikuta adaiwa ujira mzima badala ya kurudishiwa arbuni, maadam mpiga picha yu tayari kuja kufanya kazi yake.

Na kuna hukumu nyingine ya zamani ambayo naiona imekaribia mno mambo yetu. Imo katika Sahihi ya Bukhari, katika kitabu cha masharti, kwa riwaya ya Ibn Sirin. Mtu mmoja alimwambia mwenye wanyama wa kukodi, "Waweke tayari wanyama wako, nisipoondoka nawe siku fulani, una dirhamu 100." Siku ikafika, asiondoke. Shureih, kadhi wa Kufa, akahukumu ya kuwa mtu akijiwekea sharti mwenyewe kwa hiari pasina kulazimishwa, sharti hiyo ni juu yake. Mwenye wanyama hakumchukua yule mtu popote, lakini wanyama walizuiwa na kutengenezwa kwa ajili yake. Weka mpiga picha mahali pa mwenye wanyama, na Jumamosi mahali pa siku ile ya safari, utaona ya kuwa mambo hayakugeuka sana.

Lakini je, kila anayevunja yu sawa na mwenzie? Hapana. Katika Hidaya ya Marghinani, kitabu cha Mahanafi, mna mfano wa harusi hasa. Mtu amemwajiri mpishi apike chakula cha walima, kisha mke akajikhului. Hapo ijara ya mpishi yavunjika. Pamoja nao ameutaja aliyemwajiri mtu amng'oe jino linalouma, kisha maumivu yakatulia. Jino zima haling'olewi, na walima usiokuwa na ndoa haupikwi. Kazi yenyewe imeondokewa na maana yake.

Basi huu ndio mpaka wa kwanza wa kuutazama. Harusi imekufa, au harusi ipo ila mpiga picha ndiye asiyetakiwa? Ikiwa posa imevunjika au mmoja wa maarusi amefariki, hali hiyo yafanana zaidi na lile jino lililotulia kuliko mgonjwa aliyeshindwa kusafiri, kwa kuwa hakuna tena kitu cha kupigwa picha. Hapo mpiga picha azuie alichokwisha kutoa kwa kazi ile, kama nauli ya kwenda kutazama ukumbi, na kinachosalia akirudishe. Amma harusi ipo na watu wamealikwa, ila mwenyewe amepata mwingine wa bei rahisi, au mtoto wa ami yake amerudi na kamera nzuri kutoka Dubai, huo si udhuru. Hayo ni mapenzi yake, na mapenzi yake hayana haki ya kulipiwa na mwenzie.

Kuna na udhuru wa tatu, nao watajwa sana siku hizi. Mtu husema, "Nimezinduka ya kuwa kupiga picha za kupamba, palipo na wanawake waliojifunua, si jambo jema, basi nimeacha, nirudishie arbuni yangu." Kuacha ni khiari yake, wala hapana wa kumlazimisha apigwe picha asizozitaka. Lakini kuacha kwake hakumrudishii mpiga picha Jumamosi yake. Anayetubu hutubu kwa mali yake. Na akiwa yu mkweli katika aliyoyasema, hatakuwa na uzito wa kusema, "Njoo upige nikahi na wanaume peke yao, upande wa wanawake tuuondoe, na bei tuitazame upya." Hapo mkataba umepunguzwa kwa kuridhiana, wala haukuvunjwa, na ugomvi mwingi wamalizika papo hapo.

Sasa natuchukue mfano wenye hesabu, kwa kuwa haki isiyopimwa hugeuka kuwa maneno matupu. Mtu wa Mombasa amefunga mkataba na mpiga picha kwa shilingi 60,000, naye apige picha na video za nikahi na za kupamba, kisha alete albamu mbili. Ametoa arbuni ya 24,000. Zikiwa zimesalia siku 11 kabla ya Jumamosi ya harusi, amwandikia kuwa hamhitaji, kwa kuwa jamaa yake atawapigia bure.

Mpiga picha asema amepata hasara ya 60,000. Sivyo. Katika zile 60,000 mlikuwamo pesa ambazo zingetoka mkononi mwake. Msaidizi wa kike wa kupiga upande wa wanawake angelipwa 9,000. Nauli na mizigo ingekula 2,000. Mwenye kuihariri video angechukua 9,000, na albamu mbili zingechapwa kwa 12,000. Jumla ya hayo ni 32,000, nazo zote hazikutoka, kwa kuwa kazi haikufanyika. Kilichokuwa kimbakie mwenyewe ni 28,000. Hicho ndicho kipimo cha juu kabisa cha hasara yake, na aidaye zaidi ya hapo ataka kufaidika kwa harusi asiyoitumikia kuliko ile aliyoitumikia.

Tena twamuuliza, je, siku hiyo ingepata mteja mwingine lau hukushikwa? Mpiga picha mwenye kuweka daftari atatoa ushahidi. Katika simu yake mna ujumbe wa mtu aliyemtaka Jumamosi ile ile wiki tatu nyuma, naye akajibu ya kuwa ameshikwa. Ujumbe kama huo una uzito kuliko viapo vingi, kwa kuwa uliandikwa kabla ya ugomvi kuzaliwa. Asipokuwa nao, na siku yenyewe ni ya mwezi ambao hakuna harusi, basi dai lake la kukosa mteja lina udhaifu.

Kisha twamuuliza la mwisho, na hili wapiga picha wengi hawalipendi. Baada ya kupata habari, ulifanya nini katika siku zile 11? Hana ruhusa ya kukaa nyumbani makusudi ili hasara imee. Yampasa kuwatangazia wenzake na wateja aliowakataa ya kuwa siku yake imefunguka. Na tuseme amefanya hivyo, akapata harusi ndogo ya 35,000, yenye matumizi ya 19,000. Amebakiwa na 16,000. Alikuwa apate 28,000, basi upungufu wake ni 12,000. Katika arbuni ya 24,000 atazuia 12,000, na 12,000 atazirudisha. Na tuseme ametafuta kwa bidii asipate mtu. Hapo hasara yake ni 28,000, na arbuni yote ya 24,000 yabaki kwake, wala mwenye harusi hana la kusema. Zile 4,000 zilizopungua, ikiwa mkataba wasema arbuni ndiyo mwisho wa madai, basi zimekwisha; na ikiwa haukusema, ni haki yake kuzidai, na kusamehe ni bora kwake.

Lau mwenye harusi angevunja miezi minne mbele, na siku ile ikapata mteja wa bei ile ile, hasara ingekuwa si kitu illa usumbufu na nauli ya kutazama ukumbi. Ndiyo maana neno "shortí" la kuwa arbuni hairudi kabisa, kwa hali yoyote na wakati wowote, halifai kuandikwa hivi hivi. Linamweka sawa aliyetoa habari mapema na aliyetoa habari usiku wa kuamkia harusi, ijapokuwa mmoja amemwachia mwenzie nafasi ya kujiokoa na wa pili hakumwachia.

Msomaji ataona faida ya kipimo hiki cha hasara ya kweli. Anayejuzisha arbuni haoni ubaya ndani yake, kwa kuwa aliyechukua amechukua chini ya haki aliyopewa au sawa nayo. Na anayeizuia kwa sababu ya kula mali pasina badali hapati pa kushika, kwa kuwa kilichozuiwa kina badali yake, nayo ni siku iliyopotea. Majmaa hiyo hiyo, katika kikao chake cha Riyadh mwaka 2000, ilipojuzisha sharti ya fidia katika mikataba isiyokuwa ya deni, iliifungia fidia hiyo katika hasara ya mali iliyopatikana kweli na faida ya hakika iliyokosekana, ikaitoa hasara ya moyo na heshima. Kwa hiyo, mpiga picha asiongeze katika hesabu yake ya kuwa ameaibishwa mbele ya wenzake. Na mwenye harusi naye asipunguze kwa kuwa jamaa zake wamemchukia.

Natugeuze meza. Ikiwa mpiga picha ndiye aliyevunja, kwa kuwa amepata harusi ya bei kubwa zaidi siku ile ile, arbuni yote yarudi, wala hapana neno la "nimeshaitumia". Hata wale wanaojuzisha arbuni wameifanya ya muuzaji pale mnunuzi arudipo nyuma, si pale muuzaji mwenyewe akimbiapo. Na juu ya kurudisha, kuna hasara ya mwenye harusi. Akilazimika kumchukua mwingine kwa 75,000 kwa kazi ile ile, zile 15,000 za nyongeza zimemtoka kwa sababu ya kuvunjiwa ahadi. Basi anayetaka arbuni imlinde dhidi ya mteja, na akubali kipimo kile kile dhidi yake mwenyewe. Na akiwa ameugua kweli asiweze kusimama, atoe habari saa ile ile, arudishe arbuni, na akiweza amtafutie mwenye harusi mwenzie wa kazi aliye mwaminifu. Kumpeleka badala pasina ruhusa ni kosa jingine, kwa kuwa watu humchagua mpiga picha kwa mkono wake, na upande wa wanawake humchagua kwa amana yake.

Na wakishindwa kupatana, waende wapi? Wengi hukimbilia kwa Kadhi. Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imeifunga Mahakama ya Kadhi katika mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi, pale wote wawili wawapo Waislamu walioridhia kwenda kwake. Deni la mpiga picha si mas'ala ya ndoa ijapokuwa limezaliwa harusini. Kadhi aweza kuwasuluhisha kwa hishima yake, lakini hukumu ya mkataba si yake. Mahali pake ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, yenye kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Sheria yake yataka kesi imalizike katika siku 60, na mtu aweza kujisemea mwenyewe bila ya wakili.

Huko atakuta sheria nyingine, kwa kuwa Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, imeyafuata mapokeo ya Waingereza. Nao pia wamepambanua baina ya pesa mbili. Kuna arbuni yenyewe, iliyotolewa kuwa dhamana ya ukweli wa mtoaji, ambayo humpotea akivunja. Na kuna sehemu ya bei iliyotangulizwa tu, ambayo kwa asili hurudi, kisha mwenye kuvunjiwa adai hasara yake. Tena hata ile arbuni, ikizidi kiasi, hailindwi kwa jina lake. Mwaka 1993 Baraza la Faragha la London, katika kesi ya kiwanja kutoka Jamaika, liliikataa arbuni ya asilimia 25 ya bei, likaamuru irudishwe baada ya kutolewa hasara ya kweli, kwa kuwa desturi ya huko katika ardhi ni asilimia 10. Kesi ile ni ya ardhi, wala haimwekei mpiga picha asilimia yake. Lakini funzo lake ladhihirika: kukiita kitu arbuni hakukifanyi kuwa haki. Yastaajabisha ya kuwa mahakimu wa London na mafakihi wa Kufa wamefika karibu ya mlango mmoja.

Kwa hayo yote, ugomvi huu huzaliwa siku ya kupatana, wala si siku ya kuvunja. Watu wawili hupeana pesa kwa simu na ujumbe usemao "nimetuma", wala hapana aliyeandika pesa zile ni nini. Karatasi moja yatosha, au hata ujumbe mmoja uliojibiwa na wa pili. Na uandikwe siku na saa za kazi, bei nzima, na kiasi kilichotangulizwa. Uandikwe kuwa hicho ni arbuni ya kushika siku. Kisha iandikwe ngazi ya kuvunja: kwa mfano, akivunja zaidi ya siku 60 kabla ya harusi, yarudi yote illa gharama zilizokwisha kutoka; baina ya siku 60 na 21, yarudi nusu; chini ya siku 21, hairudi, illa siku ikipata mteja mwingine, na hapo itarudi kwa kadiri ya alichokipata. Na uandikwe mstari wa mpiga picha mwenyewe akivunja. Nambari hizi si sharia. Kila mtu azipime kwa kazi yake na msimu wake. Lililo muhimu ni ngazi yenyewe, ili habari ya mapema iwe na faida kwa mtoaji, na mtu asingoje mpaka wiki ya mwisho kusema alilolijua tangu mwezi uliopita.

Na harusi ikiahirishwa tu, mwenye harusi asidhani ya kuwa arbuni yahama nayo kwa nguvu. Siku ya pili ni bidhaa ya pili. Mpiga picha akiwa na nafasi siku hiyo, na ile ya kwanza ikapata mtu, haijuzu kwake kuila arbuni kisha adai nyingine. Na akiwa amekwisha kushikwa siku ya pili, hesabu ni ile ile tuliyoieleza.

Amma aliyekwisha kuingia katika ugomvi bila ya karatasi, dawa yake ni kuketi pamoja na kuhesabu, mpiga picha aweke daftari na ujumbe wake mezani, na mwenye harusi aseme sababu yake ya kweli. Mara nyingi itadhihiri ya kuwa hakuna aliyestahiki yote. Mtume, rehema na amani zimshukie, amemtaja kwa kheri mtu amkubaliaye mwenzie aliyejuta kuurudisha mkataba, lakini kheri hiyo hupatikana kwa kuombwa na kuridhia, wala haiporwi. Aombaye arudishiwe hisani asije kwa sauti ya mdai; na mwenye kudaiwa haki asiirudishe kwa sauti ya mfadhili. Wallahu aalam.